Niliyoambiwa na afisa ajira aliyenikataa mara tatu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Moshi aliniandikia. Ameomba kazi mara nne kwenye kampuni ileile ya utalii hapa Arusha na mara nne ametoswa. Sasa anataka kumwandikia afisa ajira wao amwombe ushauri kuhusu wasifu wake, ila anaogopa ataonekana anajidhalilisha.

Mdogo wangu, andika. Mimi niliandika, na jibu nililopata lilinikosesha usingizi siku mbili.

Nilikuwa nimeomba nafasi ya afisa buking mara tatu ndani ya miaka miwili. Baada ya mara ya pili niliuliza, "Naomba kujua kwa nini sikuchaguliwa." Sikujibiwa. Sasa najua sababu: swali lile linamtaka mtu autetee uamuzi wa ofisi yake na kuwasema waombaji wengine, jambo asiloruhusiwa. Mara ya tatu nikaandika hivi:

"Habari za kazi dada. Asante kwa kunijibu. Siombi uamuzi uangaliwe upya. Nimeambatisha wasifu niliotuma. Naomba unionyeshe sehemu moja tu iliyokufanya uuweke pembeni."

Niliituma Aprili, masika yamekolea na wageni ni wachache. Ungemwandikia mtu wa kampuni ya safari mwezi wa Agosti, barua yako ingezama chini ya buking. Baada ya siku tano akanipigia.

Kitu cha kwanza alichosema: "Nimefungua wasifu wako wote mitatu." Mwili ukaniisha nguvu. Sikuwahi kufikiri kwamba wanatunza maombi ya zamani, wala kwamba jina langu likiingia tena wanayaweka pamoja na kuyalinganisha. Katika wasifu wa kwanza niliandika kwamba kwenye kampuni ndogo niliyofanyia kazi Moshi nilikuwa msaidizi wa ofisi, 2019 hadi 2021. Katika wa tatu nikajiita afisa buking, 2019 hadi 2022. Kazi za buking nilizifanya kweli, na huo mwaka wa ziada nilikuwa naitwa kusaidia msimu wa wageni. Lakini yeye angejuaje? Alichokiona ni mtu anayebadilisha cheo na miaka kila akikataliwa.

La pili liliniuma zaidi. Mara ya pili nilikuwa nimefika kwenye orodha fupi. Walipiga simu kwa wadhamini wangu, namba mbili kati ya tatu hazikupatikana, wakaenda kwa mwombaji mwingine. Nilikuwa nimenakili namba za tangu chuoni.

Na ile mara ya kwanza? Wasifu haukuwa na hatia, nafasi alipewa mtu wa ndani. Hili nalo uliulize, maana mimi baada ya kukataliwa ile mara ya kwanza nilibomoa wasifu uliokuwa mzima, na ndipo nikaanza kuchezea vyeo.

Nilivyorekebisha ni hivi. Cheo nilikirudisha kilivyo kwenye barua ya ajira, na ule mwaka wa ziada nikauandika kwenye mstari wake: "Kibarua cha msimu, Juni hadi Oktoba 2022." Kisha nikafungua tangazo lao. Lilitaka mtu anayejua kukokotoa gharama za safari. Wasifu wangu ulisema tu, "Nilihusika na kupanga safari za wageni," sentensi ambayo hata mpokea simu angeweza kuiandika. Nikaweka: "Niliandaa kotesheni za safari za Tarangire, Ngorongoro na Serengeti kwa makundi ya wageni 2 hadi 12, nikijumlisha ada za hifadhi, malazi, gari na dereva." Mtu wa buking akisoma hapo anajua umewahi kukaa kwenye kile kiti. Dini, hali ya ndoa na shule ya msingi, vilivyokuwa vimejaza nusu ya ukurasa wa kwanza, nikavitoa.

Kwenye barua ya maombi ya mara ya nne nikaeleza kwa sentensi mbili kwamba wasifu wa awali ulichanganya cheo na majukumu, na kwamba huu ndio sahihi. Usinyamaze ukidhani hawatagundua. Watagundua. Ukirekebisha tarehe kwa kampuni iliyokwisha kuona zile za zamani, sema umerekebisha. Na wadhamini wapigie wewe kwanza, kila unapoomba, hata kama uliwapigia mwezi uliopita.

Mimi niliwapigia wote watatu asubuhi ile ile niliyotuma maombi. Siku ya tisa bosi wangu wa zamani akanipigia kutoka Moshi: "Wamenipigia. Wameuliza ulikuwa msaidizi au afisa buking. Nikawaambia msaidizi, ila kotesheni zote alikuwa anatengeneza yeye."

Jumatatu nikaitwa kwenye usaili.