Jibu: pH chini, na pCO2 nayo chini

"Wakuu, niko wodini hapa Kigoma. Karatasi ya gesi za damu inasema pH 7.26, pCO2 23, HCO3 10. Shida ni mapafu? Mwili unafidia?"

Habari mkuu. pH chini ya 7.35 ni asidosisi. pCO2 ya chini huipandisha pH, kwa hiyo mapafu si chanzo. Chanzo ni bikaboneti 10: asidosisi ya kimetaboliki.

Fidia ipime hivi: pCO2 inayotarajiwa ni 1.5 × bikaboneti + 8, yaani 1.5 × 10 + 8 = 23, ongeza au punguza 2. Wako ana 23, mapafu yanafidia inavyotakiwa. pH kubaki chini kusikuchanganye, fidia hairudishi yote.

Ninachokiogopa ni pCO2 kupanda hadi 35 bikaboneti ikiwa palepale. Inaonekana ya kawaida, kumbe mgonjwa anachoka kupumua. Mwite daktari hapohapo.

Sukari na ketoni umepima?