Ujumbe wa meneja usioeleweka: kuujibu kwa namna ambayo "sawa" yake itatosha

Anayeanza kazi katika ofisi ya manunuzi ya mazao hapa Mbeya hatakaa muda mrefu kabla ya kupokea kwenye simu ujumbe wa aina hii kutoka kwa meneja wake, na mara nyingi utafika jioni:

"Ile taarifa ya viazi haijakaa vizuri, irekebishe. Uongeze na ya Umalila. Iwe tayari mapema, kuna wageni."

Tuchukue kwamba umefika Alhamisi, meneja akiwa safarini. Kwake yeye hakuna neno lililopungua, kwa sababu amekwisha kuzungumza na mtu kuhusu jambo hilo na picha nzima iko kichwani mwake. Wewe hukuwepo kwenye mazungumzo hayo, na kilichokufikia ni mkia wake tu. Ni vyema ulijue hilo tangu mwanzo, kwa kuwa vijana wengi huusoma ujumbe kama huu wakidhani kuna maana iliyo wazi ambayo wao peke yao wameshindwa kuiona.

Wengine hujibu "Sawa mama" na kuanza kubahatisha. Wengine, wenye uangalifu zaidi, hurudisha maswali yote kwa mpigo: samahani mama, ni taarifa ipi, haijakaa vizuri kivipi, Umalila ya mwezi gani, mapema ni lini, wageni ni akina nani? Kila swali hapo ni halali, lakini yakikusanywa pamoja yanamrudishia meneja kazi aliyokuwa ameitua kwako. Zaidi ya hayo, mtu aliye safarini hajibu maswali matano. Atajibu moja, au ataandika "sawa", na hutajua hiyo sawa inahusu nini. Ukimwuliza "Tuweke kwa kilo au kwa magunia?" naye akajibu "Sawa", umebaki pale pale ulipokuwa, isipokuwa sasa umekwisha kuuliza mara moja na unaona aibu kurudia.

Kwa hiyo jibu lako lijengwe kwa namna ambayo neno moja kutoka kwake, au hata ukimya wake, litaamua jambo. Ili ufike hapo ni lazima kwanza upunguze maswali wewe mwenyewe, na kazi hiyo hufanyika kwenye mafaili.

Anza na "ile taarifa". Fungua barua pepe zilizotoka ofisini kwenda kwa meneja. Katika mfano wetu kuna taarifa mbili za viazi, ya manunuzi ya Mei na ya usajili wa wakulima, lakini ni ya manunuzi peke yake iliyotumwa kwake. Swali la kwanza limekwisha. Kisha isome kwa jicho la mtu anayeitilia shaka. Utaona kwamba jedwali linaonyesha magunia 140 kutoka Uporoto, wakati mpango wa msimu aliousaini meneja umeandikwa kwa tani, hivyo hakuna awezaye kusema kama lengo limefikiwa au la. Daftari la Umalila nalo limeandikwa kwa kilo, kwa sababu kule kikundi kilikuwa na mizani. Huna hakika kamili kwamba ndicho alichomaanisha kwa "haijakaa vizuri", lakini sasa una dhana yenye msingi, na dhana yenye msingi inaweza kuandikwa kama maelezo ambayo yeye atayasahihisha akiona haja. Kuhusu siku, katibu muhtasi ndiye anayetunza ratiba ya wageni. Mwulize, naye atakuambia ni Jumatano. Ni akina nani, liache kwa sasa, kwa maana halibadilishi utakachokifanya kesho asubuhi.

Kilichobaki ambacho meneja peke yake anaweza kukiamua ni kidogo. Umalila tulianza kununua Aprili. Ukiweka Mei peke yake ni kilo 9,200. Ukijumlisha na Aprili zinafika kilo 12,700. Taarifa ina kichwa cha Mei, kwa hiyo chaguo la busara ni Mei, ila inawezekana yeye anataka wageni waone kazi yote ya Umalila. Hilo huwezi kulipata kwenye faili lolote. Hata hivyo usiliulize wazi wazi. Lichagulie jibu, litamke, kisha umwachie nafasi ya kulibadilisha. Ujumbe mzima unaweza kusomeka hivi:

"Shikamoo Mama. Maelekezo kuhusu taarifa ya viazi nimeyapata na nimeanza kuyafanyia kazi. Ninarekebisha taarifa ya manunuzi ya Mei. Takwimu za Uporoto zilikuwa kwa magunia. Ninaziweka kwa kilo kutoka kwenye stakabadhi za mizani ya ghala, ili zilingane na mpango wa msimu na zijumlishwe na za Umalila. Umalila ninaweka Mei peke yake, kilo 9,200, Aprili haimo. Nakala itakufikia Jumatatu saa 4 asubuhi ili uipitie kabla ya wageni wa Jumatano. Ninaendelea hivi nikisubiri maelekezo yako."

Hakuna alama ya kuuliza hata moja, lakini maswali yote yamo. Akiandika "sawa", ameidhinisha taarifa uliyoitaja, kipimo, mwezi na siku. Akiandika "weka na Aprili", amejibu swali ambalo hukumlazimisha alitunge upya. Sentensi ya "Aprili haimo" ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote: kutaja ulichokiacha nje humwonyesha msomaji mwenye haraka mahali pa kukupinga, ilhali orodha ya ulichokiweka ndani inaweza kumpita bila kuiona.

Angalia pia mwisho wa ujumbe. Wengine hupenda kufunga kwa "usipojibu kabla ya saa 8 nitaendelea hivi". Katika ofisi zetu hilo husikika kama kumwekea mkubwa sharti, na kwa meneja aliyekuzidi umri litaharibu yote yaliyotangulia. "Ninaendelea hivi nikisubiri maelekezo yako" lina maana ile ile kikazi, nalo limebeba heshima. Salamu nayo ibaki. Kinachofaa kuondolewa ni "samahani kwa usumbufu", "labda sijaelewa vizuri" na "naomba kuuliza kidogo", kwa sababu havimheshimu mtu yeyote, vinamwambia tu kwamba hujiamini kabla hajasoma ulichofanya.

Sasa kuna jambo moja katika mfano huu ambalo halikuwekwa kwenye ujumbe, nalo nimelitenga makusudi. Ukizijumlisha stakabadhi za mizani, magunia 140 ya Uporoto yana uzito wa kilo 15,960, yaani wastani wa kilo 114 kwa gunia. Mgeni kazini ambaye hakwenda ghalani angezidisha 140 kwa 100 na kuandika kilo 14,000, na jumla pamoja na Umalila ingekuwa 23,200 badala ya 25,160. Hiyo ni tofauti ya karibu tani mbili, na mtunza ghala angeigundua mara moja. Lakini ukiandika namba sahihi unaweka wazi kitu kingine, kwamba tumenunua lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na mkulima aliyelipwa kwa gunia ametoa kilo 14 ambazo hakulipwa. Mgeni yeyote mwenye kikokotoo kwenye simu atagawanya namba hizo mbili akiwa mezani.

Jambo la namna hiyo haliingizwi katikati ya ujumbe kama sentensi ya nne. Kwanza, litameza mengine yote. Pili, ukimya wa meneja hauwezi kuchukuliwa kuwa idhini. Hapa unapiga simu, na bado hupigi ili kuuliza "tufanyeje?", wala huombi ruhusa ya kuficha namba, maana ikifichwa kwenye taarifa bado itakuwepo kwenye stakabadhi. Unampa habari pamoja na pendekezo: "Mama, stakabadhi zinatoa wastani wa kilo 114 kwa gunia Uporoto. Wageni wanaweza kuliona. Ninapendekeza safu ya magunia ibaki na tuweke maelezo mafupi chini yake, pamoja na hatua utakayoamua kuhusu kununua kwa mizani. Maelezo hayo ningependa uyaelekeze wewe." Hapo ndipo unapopaswa kusubiri jibu lake hasa, hata kama Jumatatu itafika.

Ni mgawanyo huo ambao humchukua mtu muda mrefu zaidi kuujua, kuliko hata uandishi wenyewe. Yanayoweza kurekebishwa kesho bila gharama, kama mpangilio wa jedwali, mwezi wa kujumuisha na siku ya kuwasilisha rasimu, yachagulie jibu na uendelee. Yanayogusa fedha ya mkulima, yanayotoka nje ya ofisi au yanayoweka jina la meneja kwenye jambo la kisheria, yasubirie jibu lililotamkwa. Kijana anayengoja idhini kwa kila kitu huonekana hajui kazi. Anayejiamulia haya ya pili humtia meneja hofu, na hofu hiyo haitoki upesi.

Kuhusu mahali pa kujibia: jibu palepale ujumbe ulipokujia, na kama umetumwa kwenye kundi la ofisi, kwenye kundi andika tu "Nimepokea Mama, ninafanyia kazi", kisha maelezo yote yapeleke kwake peke yake. Meneja anayesahihishwa mbele ya wengine hujibu kwa ukali hata pale unapokuwa sahihi, na wenzako nao wataanza kuchangia taarifa wasiyoijua.

Wakati mwingine jibu lake nalo litakuwa fumbo, mathalani "Sawa, ila iwe kama ile ya mwaka jana." Usirudi kuandika mara ya pili. Tafuta ya mwaka jana, ifungue mbele yako, kisha mpigie: "Mama, ninayo mkononi ya mwaka jana. Ina sehemu ya bei kwa kila wiki ambayo hii haina. Ninaiongeza sehemu hiyo, mengine yabaki kama nilivyokuandikia." Mazungumzo hayo hayazidi dakika mbili. Ukikata simu, mwandikie mstari mmoja wa yale mliyokubaliana, na uunakili mstari huo juu kabisa ya rasimu utakayomtumia Jumatatu, ili atakapoifungua akumbuke alichokuagiza kabla hajaanza kutafuta kisichokuwemo.