Sijala kitu tangu jana, mbona sukari imefika 23?

Nina kisukari aina ya kwanza, mwaka wa kumi na moja sasa. Nachoma insulini mara nne kwa siku: ile safi kama maji kabla ya kila mlo, na ile yenye ukungu, ya kukaa muda mrefu, yuniti 18 kabla ya kulala. Jumla yake kwa siku ni kama yuniti 40. Kwa miaka sita ya mwanzo nilijua kanuni moja tu, kwamba ukichoma bila kula unashuka, unatetemeka, unaanguka. Kanuni hiyo ni ya kweli, na ndiyo iliyonilaza wodini.

Yalianza kama mafindofindo. Alhamisi jioni nilirudi Tandika koo linawaka, hata mate hayapiti. Usiku homa ikapanda. Kwa Dar homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, kwa hiyo Ijumaa asubuhi nikapimwa malaria, haikuonekana. Nikapewa dawa za koo na paracetamoli, nikarudi kulala. Siku nzima niliambulia nusu kikombe cha uji usio na sukari. Jioni nikapima nikitegemea kukuta 5 au 6, lakini mashine ikasoma 16.4.

Nilidhani stripu zimeharibika, nikarudia kidole kingine: 16.1. Shangazi, aliyekuwa akiniuguza, aliniona nachukua sindano. "Mwanangu, tumbo tupu hivyo unajichoma? Unataka tukuokote chini?" Nikaona ana hoja. Sikuchoma ile ya usiku.

Alfajiri ilisoma 23.1. Nilikuwa nimeamka kukojoa mara tano, ulimi umekauka kama gome. Kufika saa nne asubuhi natapika, tumbo linauma, napumua kwa nguvu kama niliyepanda ghorofa kumi. Shangazi aliniinamia kunifuta uso akasema mdomo wangu unanuka kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Tukaita bajaji. Hospitali walipochovya kijiti kwenye mkojo, ketoni zilikuwa alama tatu za kujumlisha. Nikawekewa dripu za maji na insulini, siku tatu.

Daktari wa zamu ndiye aliyenieleza kosa langu kwa sentensi moja: "Chakula uliacha wewe, ini lako halikuacha."

Nifafanue alichomaanisha. Ini ni ghala la sukari. Mwili ukivamiwa na maambukizi, yawe ya koo, mapafu, mkojo au jipu, unajiandaa kwa vita na kumwaga homoni za dharura: kotisoli, adrenalini, glukagoni. Homoni hizo zinaliamuru ini lifungue ghala, na likipungukiwa litengeneze sukari mpya hata kutokana na misuli. Wakati huohuo zinaifanya insulini iwe dhaifu, yuniti ileile ifanye kazi ndogo kuliko jana. Kwa hiyo unaweza kulala njaa na bado sukari ikapanda. Siku ya ugonjwa mahitaji ya insulini mara nyingi huongezeka, nami siku hiyo niliyapunguza.

Ketoni zinaingia hapo. Bila insulini ya kutosha, sukari inajaa kwenye damu lakini haiingii kwenye seli. Seli zina njaa, mwili unaanza kuchoma mafuta, na majivu ya moto huo ndiyo ketoni. Ni tindikali. Zikizidi, damu nayo inakuwa na tindikali, na yale mapumzi mazito ni mwili unajaribu kuitoa kwa hewa. Sukari ikipita kama 10 huanza kumwagika kwenye mkojo na kuondoka na maji, ndiyo maana unakauka. Ukianza kutapika, maji hayarudi tena. Kutoka hapo mambo huenda kwa saa, si kwa siku.

Mashine ya sukari haiwezi kukuonyesha hilo. 16 ya aliyekula pilau la harusini na 16 ya mwenye homa asiyekula zinafanana kwenye kioo, ila ya pili inaweza kuwa na moto chini yake. Sasa hivi nikiwa mgonjwa na sukari ikapita 14, napima ketoni palepale, na narudia kila baada ya saa nne mpaka zitoweke. Nikitapika au tumbo likiuma, napima hata kama sukari haijafika 14.

Natumia vijiti vya mkojo kwa sababu ndivyo ninavyovimudu. Unachovya, unakung'uta, unasubiri sekunde zilizoandikwa kwenye chupa yako (changu ni 15), unalinganisha rangi: ya maziwa maana yake hakuna, kadiri inavyoelekea zambarau ndivyo zilivyo nyingi. Kasoro yake ni kwamba mkojo unasimulia habari za saa zilizopita. Mashine inayopima ketoni kwenye damu inakwambia za sasa: chini ya 0.6 ni salama, 1.5 kwenda juu ni hatari, 3 ni hospitali bila mjadala. Kwa kijiti, alama mbili za kujumlisha nazihesabu kuwa safari ya hospitali.

Masika yaliyofuata nilishikwa na mafua makali ya kifua. Saa nne usiku sukari 15.6, ketoni alama moja. Nilichoma yuniti zangu 18 zote. Kliniki walikuwa wameniandikia kwenye daftari nyongeza ya asilimia kumi ya jumla ya siku kwa hali kama hiyo, yaani yuniti 4 za ile safi, nisirudie kabla ya saa nne kupita, maana dozi zikipandana ndipo utashuka kweli. (Hesabu hiyo ni yangu. Yako iandikwe na daktari wako ukiwa mzima, si usiku wa homa.) Nikanywa glasi ya maji kila saa, kwa mafundo madogo. Saa nane usiku: 11.9, ketoni zilezile. Sikuchoma tena, nikaendelea na maji. Saa kumi na mbili asubuhi: 9.2, ketoni kidogo tu. Hapo nikanywa chai yenye sukari kwa makusudi na kuichomea insulini yake, kwa sababu ketoni zinazimwa na insulini, na huwezi kuendelea kuchoma insulini wakati sukari inashuka bila kuipa kitu. Mchana kijiti kilikuwa safi.

Wenye kisukari aina ya pili hupata hali hii ya ketoni kuzidi kwa nadra zaidi, lakini angalia dawa zako. Zile ambazo jina huishia na "flozini", kama dapagliflozini na empagliflozini, zinaweza kuleta ketoni nyingi sukari ikiwa 10 au 11 tu. Ukiugua, huwezi kula au unatapika, muulize daktari kuhusu kuzisimamisha mpaka upone. Na ukichomwa kwinini kwa malaria kali, hofu ni ya upande wa pili, maana kwinini huishusha sukari.

Vijiti vyangu vinakaa kwenye droo ya chumbani. Nilikuwa naviweka bafuni, unyevu wa Dar ukavila kabla ya muda. Juu ya kifuniko nimeandika tarehe niliyofungua chupa, na ikipita miezi sita natupa. Shangazi anajua kuvisoma. Wiki iliyopita nilipiga chafya mbili, akaniletea kikombe cha mkojo kabla ya chai.