Maswali na majibu: milimita moja ya uvimbe

*Daktari, shikamoo. Mimi na mwanangu wa mwaka mmoja tulishikwa na mafua wiki moja. Mimi nilikohoa tu, yeye usiku akawa anabweka na kukoroma akivuta pumzi. Kwa nini yeye azidiwe? Mama K., Makambako.*

Marahaba, mama. Yawezekana kabisa virusi ni wale wale na uvimbe ni ule ule. Tofauti iko kwenye njia yenyewe. Chini kidogo ya zoloto, kwa mtoto mchanga tukadirie njia ya hewa ina kipenyo cha milimita 4, yaani nusu kipenyo ni 2. Kwako tuseme kipenyo ni 8, nusu kipenyo 4. Sasa ukuta uvimbe milimita 1 kuzunguka pande zote. Wewe unabaki na nusu kipenyo cha 3, mtoto anabaki na 1.

Ukinzani wa hewa haupandi sambamba na wembamba wa njia. Hewa ikipita kwa utulivu, ukinzani huenda kinyume na nusu kipenyo kwa kipeo cha nne: njia ikipungua, ukinzani unapanda. Hesabu hiyo tumeachiwa na Poiseuille, daktari Mfaransa wa karne ya 19. Kwako, 4 kwa kipeo cha nne ni 256, na 3 ni 81, hivyo ukinzani umepanda mara tatu na kidogo. Ndiyo maana ulikohoa ukaenda zako shambani. Kwa mtoto, 2 kwa kipeo cha nne ni 16, na 1 ni 1. Ukinzani umepanda mara 16. Avute kwa nguvu ile ile, atapata sehemu moja tu kati ya 16 ya hewa aliyokuwa akiipata, kwa hiyo inambidi avute kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo unaona kifua kinabonyea chini ya mbavu.

Akilia ni balaa zaidi. Hewa ikienda kasi hujisokota badala ya kutiririka, na ukinzani unapita hata hizo mara 16. Kwa hiyo mpakate, msimlaze kwa nguvu, msimchungulie koo kwa kijiko. Akikoroma hivyo hata akiwa ametulia, au kifua kikibonyea, mpeleke hospitali usiku huo huo. Kuna dawa ya kupunguza uvimbe, deksamethasoni, na mara nyingi dozi moja inatosha. Na kwa sababu ya kipeo kile kile, uvimbe ukishuka hata nusu milimita mtoto anapumua vingine kabisa.

*Je, nimfukize nyungu ili koo lifunguke? Njombe.*

Tena? Kila Juni baridi ikianza naulizwa hili. Hapana. Mvuke haupunguzi uvimbe huo, na watoto wanaungua maji ya moto chini ya blanketi. Na wewe utakayeniuliza kesho kuhusu jiko la mkaa chumbani: hilo wala halihusiani na upana wa njia. Gesi yake inashika damu isibebe oksijeni, na familia nzima hailali ikaamka.

*Nina pumu. Nikivuta pampu ya bluu nafunguka ndani ya dakika chache. Dawa kidogo vile inawezaje? Uyole.*

Haihitaji kufanya makubwa. Salbutamoli inalegeza misuli inayobana mirija ya mapafu. Nusu kipenyo kikiongezeka asilimia 20 tu, ukinzani unashuka chini ya nusu. Lakini hapo ndipo penye mtego, kwa sababu misuli imelegea ila uvimbe na makohozi vimebaki palepale. Unajiona umepona huku ukuta wa ndani unaendelea kunenepa, na siku ikibaki nafasi ndogo sana, mafua kidogo tu yanakulaza. Anayeihitaji mara kwa mara anatakiwa kuwa na pampu ya kuzuia, yenye steroidi, ya kila siku. Wengi mnaiacha kwa sababu "haifungui". Haikutengenezwa kufungua papo hapo.

*Mume wangu alikuwa anapiga filimbi kifuani tangu jioni, sasa imenyamaza ila bado anahema na anaongea neno moja moja. Amepata nafuu? Tukuyu.*

Hapana, na swali hili halikupaswa kusubiri safu hii. Filimbi inahitaji hewa inayopita. Njia zikibana mno hakuna hewa ya kutosha kupiga filimbi, kifua kinakuwa kimya na mtu anakufa. Nafuu ya kweli utaijua akimaliza sentensi bila kukatisha. Mwenye dalili kama zake apewe pampu ya bluu huku usafiri unatafutwa, na asilazwe chali.

*Mbeya tuko juu, hewa nyembamba. Ndiyo inabana mirija? Soweto, Mbeya.*

Haibani. Mita 1,700 si Kilimanjaro. Acha sigara kwanza.