Kitabu si "ki" na "tabu"

*Mwalimu, katika kundi la wazazi la shule ya mwanangu, mzazi mmoja ametuma maelezo kwamba "kitabu" si neno lenye asili ya Kiarabu. Anasema ni "ki" na "tabu", yaani kitu kinachomtia mtu tabu ya kusoma, na kwamba wingi wake "vitabu" ni ushahidi tosha kuwa ni neno la Kibantu. Mwalimu wa darasa ameyakubali na watoto wameyaandika. Je, mtu wa kawaida anaweza kujua ukweli kwa njia gani?*
*Mzazi, Umoja, Nairobi*

Ndugu mzazi, maelezo ya namna hii hunifikia karibu kila juma, na neno linalokatwakatwa hubadilika tu. Linaloniudhi zaidi ni lile dai la mwisho, kwamba wingi ni ushahidi wa asili, kwa sababu limejengwa juu ya jambo la kweli na kwa hiyo huwapata hata walimu. Ni kweli kwamba "kitabu" liko katika ngeli ya KI-VI. Si kweli kwamba ngeli hiyo inatuambia neno lilitoka wapi. Ngeli ni kama sare ya shule: humwonyesha mtoto anasoma wapi sasa, si alizaliwa wapi.

Tuanze na neno lenyewe. Waarabu husema "kitab", na wingi wake ni "kutub". Kwao silabi ya kwanza si kiambishi. Shina la neno ni konsonanti tatu, k, t na b, zinazobeba maana ya kuandika, na irabu hubadilishwa katikati yake ili kupata maneno mengine. Baadhi ya ndugu hao tunao katika Kiswahili: katibu ni mwenye kuandika, maktaba ni mahali pa maandiko, na mkataba ni maandishi ya kukubaliana. Mswahili wa kwanza kulisikia neno "kitab" hakuwa na haja ya kuyajua hayo yote. Alisikia jina la kitu kisicho na uhai, linaloanza kwa "ki", na lugha yake tayari ilikuwa na kiti, kisu na kikapu. Akaongeza irabu mwishoni, kwa kuwa neno la Kiswahili halipendi kuishia kwa konsonanti, na alipotaka kutaja vingi akasema "vitabu" bila kufikiri. K ile iliyokuwa sehemu ya shina ikageuka kuwa kiambishi.

Wataalamu huita kitendo hiki uchanganuzi upya: sauti zinabaki zilivyo, ila mpaka wa ndani wa neno unahamishwa. Kiberiti kilipita njia hiyohiyo, kutoka "kibrit" ya Kiarabu, na sasa tunanunua viberiti. Mkataba nao ulikuja na "mu" ya Kiarabu, wasemaji wakaisikia kama "m" ya mti na mkate, wakaunda mikataba. Lugha nyingine hufanya vivyo hivyo. Hambaga ilipewa jina la mji wa Hamburg, Ujerumani, lakini wasemaji wa Kiingereza walisikia mwanzoni mwake neno lao la nyama ya paja la nguruwe, wakalikata hapo, na ndiyo maana leo Nairobi tunaagiza "baga" ya kuku, kipande ambacho hakikuwahi kuwa neno mjini Hamburg.

Tazama sasa kile ambacho wasemaji hawakukifanya. Hawakuhitaji "tabu" iwe na maana yoyote. Uchanganuzi upya unatosheka na umbo. Unaweza kuacha nyuma kipande kisicho na maana kabisa, kama "beriti" katika kiberiti, na lugha isione tatizo. Hadithi ya kukijazia kipande hicho maana huja baadaye, kutoka kwa mtu aliyeketi na kulitazama neno likiwa limeandikwa. Haya ni mambo mawili tofauti. La kwanza ni kazi ya jamii nzima ya wasemaji, na huacha alama katika sarufi: wingi, upatanisho, ukubwa na udogo. La pili ni dhana ya mtu mmoja, na haliachi alama yoyote.

Hadithi ya "tabu" ina kasoro nyingine ambayo sikio lenyewe linaweza kuithibitisha. Tamka polepole "taabu", kisha "kitabu". Umbo sanifu la neno la kwanza lina irabu mbili, ta-a-bu, na mkazo uko kwenye a ya pili. Irabu hizo mbili ni mabaki ya sauti ya kooni ya Kiarabu, herufi ya ain, ambayo Kiswahili hakina. Sauti hiyo ilipopotea katikati ya neno, mara nyingi iliacha irabu mbili zikiwa zimekaribiana, kama katika saa, maana, baada na jamaa. "Kitab" haikuwa na ain, ndiyo sababu hakuna anayesema "kitaabu". Kwa hiyo mzazi mwenzako, katika jitihada ya kulitoa neno katika Kiarabu, amelieleza kwa neno jingine la Kiarabu, na hata hilo hakulipata sawasawa.

Uliuliza mtu wa kawaida afanye nini. Aangalie majirani. Neno tulilolirithi kutoka Kibantu cha kale hukutwa katika lugha nyingi za jamaa likiwa limebadilika kwa utaratibu unaorudiwa. Kiswahili kina kitu na mtu. Kikuyu kina kĩndũ na mũndũ. Kiganda kina ekintu na omuntu. Palipo na t yetu katika maneno haya, Kikuyu kina nd na Kiganda kina nt, katika neno la kwanza na la pili vilevile. Huo ndio ushahidi, kwa sababu hakuna aliyeupanga. Sasa ulizia kitabu. Mkikuyu atakwambia ibuku, alilolipata kwa Waingereza. Mganda atasema ekitabo na Mnyarwanda igitabo, na hapo mtetezi wa "tabu" hushangilia kwamba amepata Wabantu wawili. Lakini lugha hizo zina neno hilo katika maana moja tu, ya kitabu, na karibu katika umbo moja, kama linavyokuwa neno lililosafiri kutoka pwani likiwa tayari limevaa "ki" yake ya Kiswahili. Nao wakalipokea na kulipa viambishi vyao, ebitabo na ibitabo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni waya, kwa kuwa ni wa juzi na njia yake inaonekana wazi. Ni neno la Kiingereza, na kwa matamshi yake tu lilikuwa tayari kama la Kiswahili. Katika ngeli ya U-ZI, u ikikutana na a hutoa "wa", na wingi wake huanza kwa "nya": wayo, nyayo. Mkazi wa Nairobi hahitaji kufunuliwa neno hilo, maana lipo kwenye jumba na kwenye uwanja wa michezo. Basi waya ukaingia katika nyayo hizo na kuzaa nyaya, "nyaya za umeme zimekatwa", kama vile zamani wakati ulivyozaa nyakati na waraka ukazaa nyaraka, yote mawili kutoka Kiarabu. Mtu anayeamini kwamba wingi unathibitisha asili angelazimika kukubali kwamba Wabantu walikuwa na nyaya kabla ya umeme. Watanzania nao wana kipilefti, mzunguko wa barabarani uliopata jina kutokana na amri ya Kiingereza ya kushika kushoto. Ikiwa miwili, ni vipilefti.

Hata hivyo, usidhani kila silabi inayofanana na kiambishi itakatwa. Tunasema kilo mbili na kilomita mbili, wala si "vilo viwili". Katibu ni katibu wa chama na makatibu wa vyama. Hakuna aliyeikata "ka", kwa sababu Kiswahili sanifu hakina jozi ya ka na tu kama ya Kikuyu ambayo neno lingeweza kuingizwa. Mfanano unafungua mlango tu. Ndiyo maana namtaka mtu aonyeshe upatanisho uliotumiwa na wasemaji, asinionyeshe silabi.

Na mfanano hudanganya hata kwa wanaojua Kiarabu kidogo. Nimeshasoma maelezo yanayoweka katibu na khatibu, yule anayehutubu msikitini, katika ukoo mmoja. Si ukoo mmoja. Khatibu na hotuba vinatoka kwenye shina la kh, t na b, na hata t yake ni t nyingine, nzito, katika Kiarabu. Kiswahili kimezikaribisha sauti hizo hadi tofauti karibu ifutike, na anayetegemea jicho peke yake hawezi kuiona.

Ningeridhika kama mchezo huu ungeishia kwenye kitabu. Lakini wanaokata maneno hukata pia majina ya mahali, na huko hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa jina lililokatwa kwa lugha fulani hugeuzwa haraka kuwa dai la nani alitangulia kukaa hapo. Chukua Kariokor yetu. Jina linatokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Dar es Salaam wana jina hilohilo kutoka chanzo hichohicho, ila kwao liliandikwa Kariakoo. Mkata maneno akiwa Dar ataona "koo" mwishoni, na atakuwa na hadithi ya ukoo au ya koo kabla ya jioni. Akiwa Nairobi hataona "koo" yoyote. Kibera nayo ina maana ya msitu katika Kinubi, lugha ya askari wa Kinubi waliopewa makazi pale. Ukiitafuta maana hiyo kwa silabi za Kiswahili, Kikuyu au Kimaasai, utapata jibu, kwa sababu silabi mbili tatu hazikosi kufanana na kitu fulani katika lugha yoyote, na jibu hilo litakuwa si kweli. Mtu akikupa asili ya jina la mahali, mwulize liliandikwaje mwanzoni, nani walikuwa wakilitumia, na walizungumza lugha gani. Akikosa majibu hayo matatu akabaki na silabi zake, usiyasambaze aliyokupa.

Kuhusu darasa la mwanao, mwalimu hana haja ya kufuta kila kitu. Kwamba kitabu ni ngeli ya KI-VI, na kwamba tunasema kitabu kimepotea, vitabu vimepotea, ni sahihi na watoto waendelee kuyaandika. Kinachofutwa ni mstari wa "ki" na "tabu". Mahali pake pawekwe kitabu, katibu, maktaba na mkataba katika mstari mmoja, na watoto waambiwe watafute herufi tatu zinazojirudia.