Nyavu zimefika Mwanza zimelowa, nani alipe?

"Kontena la nyavu toka China limefika Igoma, marobota sita yamelowa. Wakala wa forodha anakataa kulipa. Si ndiye aliyenitolea mzigo bandarini?"

Pole ndugu. Maji si yake, yeye alishughulikia tamko la forodha na kodi. Angekosea hapo, TRA wangembana yeye pamoja na wewe.

Anayesema "mwenye lori alipe" kapatia nusu. Angalia sili ya kontena kwanza: namba ikiwa ileile ya kwenye bili ya leding, na paa lina tundu lenye kutu ya zamani, nashuku baharini zaidi ya barabarani. Mkaguzi akidondoshea maji hayo naitreti ya fedha yakawa meupe kama maziwa, kuna chumvi. Mvua haina chumvi.

Sasa soma bili: nani kaitoa? Wakala wa usafirishaji akiitoa kwa jina lake kama msafirishaji, anabeba lawama ya meli hata kama hamiliki hata mtumbwi. Kama alikukatia nafasi tu, mdai mwenye meli.

Uliandika "yamelowa" kabla ya kusaini kupokea? Kama hukuandika, peleka barua leo, maana bili nyingi za meli hutoa siku 3 tu kwa hasara isiyoonekana kwa nje.