Rizista mbili zinazofanana zilinidanganya

Kuna mwaka nilitunga swali la sakiti kidato cha pili: rizista mbili za omu 6 ziko sambamba, zimefuatana na ya omu 5, betri volti 16, tafuta mkondo kwenye rizista moja ya 6. Darasa karibu zima likapata ampea 1, nikafurahi kweli. Wiki iliyofuata nikabadilisha namba kwenye mazoezi na wengi wao wakagawa mkondo nusu kwa nusu tena, kumbe hawakuwa wamejua chochote, namba zangu ndo ziliwabeba.

Siku hizi naweka 12 na 4 sambamba, halafu 5 kwenye mfululizo, betri ileile ya 16. Sambamba inakuwa omu 3, jumla 8, mkondo mkuu ampea 2, volti za sehemu ya sambamba 6, na rizista ya 12 inapitisha ampea 0.5. Uzuri wake kila kosa lina jibu lake: ukiona 1 huyo kagawa nusu kwa nusu, ukiona 1.5 kampa rizista kubwa mkondo wa ile ndogo, ukiona 1.33 kachukua volti zote 16 akagawa kwa 12 kana kwamba ile ya 5 haipo. Kabla hujachapisha mtihani, fanya swali mwenyewe kwa njia hizo mbovu uone kama kuna inayofika kwenye jibu sahihi.

Kwenye kusahihisha natoa alama 6: kanuni ya sambamba 1, omu 3 ni 1, jumla 1, mkondo mkuu 1, volti 6 ni 1, jibu la mwisho 1. Sasa kuna yule anayejumlisha 1/12 na 1/4, anapata 1/3, halafu anasahau kugeuza. Anaendelea na omu 0.33, jumla 5.33, mkondo ampea 3, volti 1, jibu 0.083. Zamani ningempa moja ya kanuni nikapita, lakini ukifuata namba zake utaona kila hatua baada ya pale kaifanya vizuri, kwa hiyo anapoteza alama moja tu, anabaki na 5. Inachosha ukiwa na madaftari 80, ila kwa vile kosa hili ni la kila mwaka hizo namba zake naziandika pembeni ya mwongozo mapema.

Aliyejumlisha zote tatu akapata 21 ni habari nyingine, huyo kaifuta sehemu ya sambamba yenyewe, nampa alama ya 16 gawa kwa 21 basi, huko mbele hakuna cha kufuatilia.

Na akitokea mjanja akagawa mkondo kwa uwiano, 2 mara 4 gawa kwa jumla ya 12 na 4, akaruka volti kabisa, alama ya volti mpe, labda kama uliziuliza kwenye kipengele chake.